Bajeti ya Andiko Haianzi na Kiasi: Mwongozo kwa Vikundi vya Terrat

Ujumbe wenyewe huwa mfupi. “Shikamoo mwalimu. Tunaomba utusaidie bajeti ya milioni ishirini, mradi wa maji shuleni, andiko linapelekwa Ijumaa.” Aliyeandika ni katibu wa kikundi, au mjumbe wa kamati ya shule, au mama aliyepewa kazi hiyo kwa kuwa ana kompyuta. Anayepokea ni mhasibu anayemfahamu, afisa maendeleo ya jamii wa kata, au kijana wa jirani aliyesomea biashara. Akishaitikia marahaba hana cha kufanya, kwa sababu ndani ya ujumbe huo hamna kitu cha kukokotoa. Kuna kiasi cha fedha na siku ya mwisho, basi.

Kinachokosekana ni mambo matatu: mradi utafanya nini hasa, utachukua muda gani, na mfadhili huyo analipia gharama zipi. Wengi huyaona kama maelezo ya kuongezea baadaye, bajeti ikishakuwa tayari. Mwongozo huu unachukua mradi mmoja wa kawaida kwa kata ya Terrat, matangi ya kuvuna maji ya mvua katika shule ya msingi, ili uone kwa macho jinsi kila jambo kati ya hayo matatu linavyogeuza hesabu. Kikundi na shule ni za mfano, na bei nitakazotumia pia ni za mfano. Usizinakili. Bei zako zitatoka kwenye profoma za maduka ya mjini Arusha wiki unayoandika.

Anza na mstari mmoja wa bajeti

Mstari wowote wa bajeti una sehemu tatu zinazozidishwa: idadi, mara, na bei ya kimoja. Matangi 4, mara 1, kwa shilingi 2,400,000. Msimamizi 1, miezi 10, kwa shilingi 300,000 kwa mwezi. Idadi inatoka kwenye maelezo ya mradi. Mara inatoka kwenye muda. Kama mstari huo uwepo au usiwepo, na kama uwe kwenye safu ya mfadhili au safu ya mchango wenu, inatoka kwenye masharti ya mfadhili. Katika hayo yote, bei peke yake ndiyo ambayo msaidizi wako anaweza kuitafuta bila wewe.

Ndiyo maana mtu akipewa kiasi peke yake hulazimika kuanzia mwisho. Ana milioni ishirini za kugawa, anazigawa. Anaandika vifaa milioni kumi, mafunzo milioni tatu, usimamizi milioni nne, uratibu milioni mbili, dharura milioni moja. Anayesoma maandiko mia kwa msimu huitambua bajeti ya namna hii kwa dakika chache: namba zote ni za mamilioni kamili, mistari haina idadi, na kuna mstari unaoitwa “gharama mbalimbali” au “uratibu” usioonyesha nani atafanya nini. Pia huona kwamba jumla imegonga ukomo wa ruzuku sawasawa bila kubaki hata elfu moja. Mradi uliopimwa kwa kweli ni nadra kuangukia hapo.

Maelezo ya mradi: mahali, kazi, na kipimo

Anza na mahali. Kuna Terrat iliyo kata ya Jiji la Arusha, na kuna Terrat nyingine ya Simanjiro, mkoani Manyara, inayojulikana kwa redio ya jamii ya Orkonerei. Ukimwandikia mtu aliyeko Dar es Salaam “Terrat” peke yake, anaweza kukuwekea usafiri wa lori wa kwenda Simanjiro, au mfadhili akajiuliza kwa nini gharama ya kusafirisha matangi ni ndogo hivyo. Andika kata, halmashauri na mkoa, kisha jina la mtaa na la shule.

Halafu eleza tatizo kwa kiasi kinachohalalisha vitu unavyoomba. Eneo linalozunguka Mlima Meru lina maji ya ardhini yenye floridi nyingi, na wakazi wanaijua kwa meno ya watoto yanayogeuka kahawia. Kiwango cha maji ya kunywa cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania ilikaa miaka mingi ikiruhusu miligramu 4, kisha ikashuka hadi 1.5. Kituo cha Ngurdoto, kilicho chini ya Wizara ya Maji, kimefanya kazi ya kuondoa floridi kwa mkaa wa mifupa. Mambo haya yanahusu bajeti moja kwa moja. Kama tatizo ni floridi, suluhisho linaweza kuwa kichujio cha mkaa wa mifupa kwenye kisima kilichopo, au maji ya mvua ambayo hayakupita kwenye miamba ya volkano. Kama tatizo ni kukosa maji kabisa, huenda ni bomba la kuunganisha na mtandao wa mamlaka ya maji. Ukisema “mradi wa maji” umemwachia msaidizi wako achague mmoja kati ya miradi mitatu yenye bajeti zisizofanana hata kidogo.

Tuchukue kwamba kikundi kimechagua maji ya mvua. Sasa kipimo. Shule ina majengo mawili ya madarasa, kila moja urefu wa mita 20 na upana wa paa mita 7.5, yaani mita za mraba 150 kwa jengo, 300 kwa yote mawili. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Tukikadiria masika yenye milimita 300 na kuhesabu kwamba sehemu ya tano inapotea kwa kumwagika na kukauka, tunapata 300 × 300 × 0.8, yaani lita 72,000. Makadirio ya mvua katika andiko halisi yaombe kwa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania. Usiyachukue ya mjini Arusha ukayaweka Terrat kama yalivyo, maana miteremko ya Meru inapata mvua nyingi kuliko tambarare iliyo kusini ya jiji.

Wanafunzi ni 400. Kila mmoja akipewa lita 1 ya kunywa kwa siku, shule inatumia lita 400. Matangi manne ya lita 10,000 yakijaa yana lita 40,000, sawa na siku 100 za masomo. Paa linaweza kujaza zaidi ya hapo, kwa hiyo tatizo si mvua wala paa, ni ukubwa wa hifadhi. Kikundi kimelenga siku hizo 100, na hapo ndipo namba 4 ilipotoka. Mtu akiuliza kwa nini si mawili wala si kumi, jibu lipo, na liko kwenye maelezo kabla ya kufika kwenye bajeti.

Kutoka hapo vifaa vinajitaja vyenyewe. Gata zinapita pande mbili za kila jengo, mita 20 kila upande, jumla mita 80. Kila tangi linahitaji msingi wa zege, bomba za kushushia, koki, na bomba la kumwaga maji ya kwanza yanayoosha vumbi na kinyesi cha ndege kwenye bati. Kwa bei za mfano: matangi manne kwa 2,400,000 ni 9,600,000. Misingi minne kwa 900,000 ni 3,600,000. Gata mita 80 kwa 25,000 ni 2,000,000. Seti nne za bomba na koki kwa 300,000 ni 1,200,000. Fundi 1,600,000 na usafiri 400,000. Ujenzi wote ni shilingi 18,400,000.

Kisha kazi zisizo za ujenzi, ambazo kikundi huzisahau au huziweka nyingi kupita kiasi. Msimamizi wa mradi anayetoa nusu ya muda wake, 300,000 kwa mwezi. Mafunzo ya siku mbili kwa kamati ya maji ya watu 12, nauli na chakula 15,000 kwa mtu kwa siku, jumla 360,000, na mkufunzi 100,000 kwa siku, jumla 200,000. Upimaji wa maji maabara, sampuli nne kwa 60,000, jumla 240,000. Tutajua jumla ya kundi hili tukishajua muda, kwa sababu msimamizi analipwa kwa mwezi.

Muda: si idadi ya miezi tu, ni miezi ipi

Kuna mistari inayotembea na muda na kuna isiyotembea nao. Tangi halibadiliki bei kwa kuwa mradi ni wa miezi 6 au 18. Msimamizi, kodi ya ofisi, makato ya benki ya kila mwezi na ziara za ufuatiliaji vinabadilika. Katika mfano wetu ni msimamizi tu. Miezi 6 ni 1,800,000, miezi 10 ni 3,000,000, miezi 18 ni 5,400,000. Ukimwomba mtu bajeti bila kutaja muda, tofauti ya milioni tatu na laki sita iko kwenye mstari mmoja, na yeye atabahatisha.

Lakini kutaja “miezi kumi” hakutoshi. Taja mwezi wa kuanza na wa kumaliza. Arusha ina vuli, takriban Novemba na Desemba, na masika ya Machi hadi Mei. Mradi unaoanza 1 Julai unaweza kununua vifaa mwezi huo, kumwaga zege Agosti na kuliacha likomae, kufunga gata Septemba na Oktoba wakati mafundi hawanyeshewi juu ya bati, kuona vuli ya kwanza ikipita kwenye bomba, kurekebisha panapovuja, kufundisha kamati Januari na Februari, kisha kupima maji matangi yakijaa kwenye masika. Mwisho wa Aprili ripoti inaandikwa ikiwa na majibu ya maabara. Hiyo ndiyo sababu ya miezi 10. Mradi huohuo ukianza Novemba, mafundi wanakutana na mvua, na miezi 6 inayoishia Aprili haiachi muda wa kurekebisha panapovuja kabla ya masika.

Kuna jambo jingine la tarehe linaloumiza vikundi kweli kweli. Kwa wafadhili wengi, gharama inayokubalika ni ile iliyotokea ndani ya kipindi cha mkataba. Umoja wa Ulaya unaliandika waziwazi katika masharti yake ya jumla ya ruzuku. Kikundi kikinunua matangi Juni kwa sababu duka limeshusha bei, na mkataba ukaanza 1 Julai, risiti zile hazina pa kuingia. Matangi yapo shuleni, yanaonekana, na hayatalipwa. Vilevile fundi akidai salio wiki tatu baada ya kipindi kuisha, fedha hiyo inaweza kukataliwa. Kwa hiyo mwambie msaidizi wako tarehe mbili, ya kuanza na ya kumaliza, na umwombe asiweke malipo makubwa kwenye mwezi wa mwisho.

Angalia pia mwaka wa fedha wa mfadhili. Serikali ya Tanzania huanza Julai, Japani huanza Aprili, Marekani huanza Oktoba. Bajeti inayovuka miaka miwili ya fedha mara nyingi huombwa igawanywe kwa vipindi, na kuigawa baadaye ni kazi ngumu kuliko kuipanga hivyo mapema.

Gharama zinazokubalika: hapa ndipo mradi mmoja unakuwa na bajeti tatu

Tuseme kikundi cha Terrat kimeona milango mitatu.

Wa kwanza ni Ubalozi wa Japani, kupitia mpango wake wa misaada kwa miradi ya jamii na usalama wa binadamu, unaojulikana sana kwa jina la Kusanone. Kwa miaka mingi mpango huu ulitoa kwa kawaida hadi yeni milioni 10 kwa mradi, na mradi hutakiwa kukamilika ndani ya mwaka mmoja. Unalipia vitu vinavyoshikika: majengo, visima, vifaa. Haulipii mishahara, mafuta ya gari wala gharama za kila siku za kuendesha taasisi. Na unataka nukuu za bei kutoka kwa wauzaji watatu. Bajeti yetu mbele ya mlango huu inapungua hadi ujenzi peke yake, 18,400,000. Msimamizi wa 3,000,000 anatoka kwenye safu ya mfadhili. Hafutwi kwenye mradi, maana kazi bado inahitaji msimamizi. Anahamia safu ya mchango wenu, na andiko lieleze nani atamlipa, au nani atajitolea.

Wa pili ni Umoja wa Ulaya. Ruzuku zake huwa kubwa mno kwa kikundi cha kata, lakini shirika kubwa likishinda linaweza kugawa sehemu kwa vikundi vidogo, kwa kawaida hadi yuro 60,000 kwa kimoja. Humo mishahara ya watu wa mradi inakubalika. Mwenye mkataba anaweza pia kuomba asilimia isiyozidi 7 ya gharama za moja kwa moja kwa ajili ya gharama za ofisi zisizogawanyika kirahisi, na akiba ya dharura isiyozidi asilimia 5. Kama kikundi kidogo nacho kinaruhusiwa asilimia hiyo, inategemea shirika linalogawa. Uliza kabla ya kuiandika.

Wa tatu ni Programu ya Ruzuku Ndogo ya GEF, inayosimamiwa na UNDP na iliyoanza mwaka 1992. Ukomo wake kwa miaka mingi ulikuwa dola 50,000 kwa mradi, na mwombaji hutakiwa kuonyesha mchango wake, wa fedha au wa nguvukazi na vifaa. Tatizo ni kwamba fedha hizo ni za mazingira. Matangi ya shule yatapita tu kama andiko linaonyesha uhusiano wa kweli na mabadiliko ya tabianchi au hifadhi ya ardhi, na huenda bajeti ikahitaji kazi nyingine kabisa, kama vile miche na makinga maji. Hapa gharama zinazokubalika zinarudi nyuma na kubadilisha maelezo ya mradi. Kama kikundi hakitaki kupanda miche, kisiombe humo.

Utajuaje masharti wakati tangazo halisemi? Soma mwongozo wa mwombaji hadi mwisho, kwa kuwa orodha ya gharama zisizokubalika mara nyingi iko kwenye viambatisho. Fungua jedwali la bajeti la mfadhili lenyewe. Kama halina sehemu ya mishahara, hilo ni jibu. Kama lina safu ya “mchango wa mwombaji”, hilo nalo ni jibu. Kikibaki kitu, andika swali kabla ya siku ya mwisho ya maswali, ambayo huwa mapema kuliko siku ya mwisho ya andiko. Uliza kwa maneno yanayojibika kwa ndiyo au hapana: je, mshahara wa msimamizi wa muda unakubalika? Je, kodi ya ongezeko la thamani inalipwa? Je, kuna asilimia ya gharama za ofisi, na inakokotolewa juu ya nini?

Swali la kodi lina fedha nyingi ndani yake. Kiwango cha kawaida cha VAT ni asilimia 18 Tanzania Bara. Duka likikupa profoma ya matangi ya 9,600,000 bila VAT, mzigo ukija unalipa 1,728,000 zaidi. Kama mfadhili hakubali kodi, kiasi hicho ni chenu. Kama anakubali, lazima kiwe kimeandikwa tangu mwanzo. Hakikisha profoma inasema kama kodi imo, na kwamba risiti ya EFD itatoka kwa jina la kikundi, si la katibu.

Posho ni eneo jingine la mgongano. Wafadhili wengi wanakubali nauli na chakula cha mshiriki kwa viwango vya kawaida, lakini hawakubali posho ya kukaa kwenye kikao. Maofisa wanaoalikwa kutoka halmashauri wanaweza kutarajia zaidi. Zungumza nao kabla ya andiko kwenda, kwa heshima na kwa kiwango kilichoandikwa. Ukingoja hadi siku ya mafunzo, utazitoa mfukoni mwako.

Na usitumie jedwali la mwaka juzi. Kwa ruzuku za serikali ya Marekani, mwombaji asiye na kiwango chake kilichokubaliwa aliruhusiwa asilimia 10 ya gharama zisizo za moja kwa moja kwa miaka mingi, kisha tangu 1 Oktoba 2024 ikawa hadi asilimia 15. Aliyenakili andiko la zamani aliendelea kuomba pungufu ya haki yake.

Yote matatu yakikutana

Sasa tufanye hesabu kamili. Mfadhili wa mfano anaruhusu mishahara, anaruhusu asilimia 7 ya gharama za moja kwa moja, muda ni 1 Julai hadi 30 Aprili, na ukomo ni shilingi 20,000,000.

Ujenzi ni 18,400,000. Msimamizi kwa miezi 10, mafunzo, mkufunzi na maabara ni 3,800,000. Jumla ya moja kwa moja ni 22,200,000. Asilimia 7 yake ni 1,554,000. Mradi wote ni 23,754,000, umepita ukomo kwa 3,754,000.

Hapa kosa la kwanza ni kukokotoa asilimia 7 juu ya jumla ya mwisho badala ya gharama za moja kwa moja. Ungepata 1,662,780, zaidi ya haki kwa shilingi 108,780, na mkaguzi angeiona. Ukitaka kujua gharama za moja kwa moja zinazoweza kuingia ndani ya ukomo, gawa ukomo kwa 1.07. Milioni 20 zinakupa 18,691,588. Ujenzi peke yake umeshakula karibu zote.

Kosa la pili ndilo baya zaidi, nalo ni kupunguza bei. Katibu anateremsha tangi kutoka 2,400,000 hadi 1,900,000 na msingi kutoka 900,000 hadi 600,000 mpaka jumla iingie. Andiko linapita, fedha zinakuja, na duka linauza kwa bei ileile ya profoma. Unaishia na matangi manne na misingi mitatu, au zege lenye saruji kidogo linalopasuka tangi likijaa. Tangi la lita 10,000 likijaa maji lina uzito wa tani 10, na zege hafifu halivumilii.

Njia sahihi ni kurudi kwenye maelezo. Ondoa tangi moja pamoja na msingi wake na seti yake ya bomba: 2,400,000, 900,000 na 300,000, jumla 3,600,000. Ujenzi unabaki 14,800,000. Ongeza 3,800,000 za kazi nyingine, unapata 18,600,000. Asilimia 7 ni 1,302,000. Jumla ni 19,902,000. Imeingia, na bei ni za kweli.

Lakini sasa andiko lazima libadilike pia. Matangi ni matatu, hifadhi ni lita 30,000, na maji ya kunywa ni ya siku 75, si 100. Kama ukurasa wa maelezo bado unasema siku 100 na bajeti inasema matangi matatu, msomaji atajua kwamba yameandikwa na watu wawili wasiosemezana. Au wazazi wachangie tangi la nne. Wazazi 40 wakifanya kazi siku 2 za kuchimba na kubeba mchanga, kwa kiwango cha kibarua cha 10,000 kwa siku, mchango ni 800,000. Uonyeshwe kwenye safu yake, na mahudhurio yasainiwe kila siku, maana mchango usio na karatasi hauhesabiwi. Hata hivyo hautoshi kulipia tangi, kwa hiyo usiandike tangi la nne hadi fedha taslimu ziwe zimeahidiwa kwa muhtasari wa kikao.

Namna ya kuomba bajeti

Ukishayajua haya, ujumbe wako unaweza kuwa hivi, nao hauzidi nusu ukurasa:

“Shikamoo mwalimu. Kikundi chetu kipo kata ya Terrat, Jiji la Arusha. Tunaomba msaada wa bajeti ya kuvuna maji ya mvua shule ya msingi yenye wanafunzi 400. Kazi: matangi matatu ya lita 10,000 na misingi yake, gata mita 80, mafunzo ya siku mbili kwa kamati ya watu 12, kupima sampuli nne za maji. Kuanzia 1 Julai hadi 30 Aprili. Msimamizi mmoja, nusu muda. Ukomo wa mfadhili ni shilingi milioni 20. Mishahara inakubalika, posho ya kikao haikubaliki, gharama za ofisi ni asilimia 7 ya gharama za moja kwa moja. Kuhusu VAT tumewauliza, tunasubiri jibu. Nimeambatanisha tangazo, jedwali lao la bajeti, na profoma tatu. Siku ya mwisho ni Ijumaa ya wiki ijayo.”

Ona kwamba jambo moja bado halijulikani, na limesemwa hivyo. Msaidizi anaweza kufanya kazi na pengo lililotajwa. Ataweka bei zenye VAT, ataandika chini ya jedwali kwamba kodi ni 18% na itaondolewa kama haikubaliki, kisha ataendelea. Pengo lisilotajwa ndilo linalomfanya abuni.

Kama huna majibu ya kutosha na siku zimebana, omba makadirio yenye dhana zilizoandikwa juu ya jedwali: muda uliodhaniwa, idadi iliyodhaniwa, kiwango cha kubadilishia fedha cha Benki Kuu na tarehe yake. Kamati isome dhana hizo kabla ya kusoma jumla. Kama dhana moja ni ya uongo, jumla nayo ni ya uongo, hata kama kujumlisha kumefanyika sawasawa.

Ukipokea bajeti, ifanyie jaribio hili kabla ya kuituma. Chukua kila mstari na utafute sentensi ya andiko inayoutaja. Kisha chukua kila kazi iliyotajwa kwenye andiko na utafute mstari wake. Mstari usio na sentensi ufutwe, au sentensi yake iandikwe. Kazi isiyo na mstari ielezwe nani anailipia. Katika mfano wetu, ahadi ya kupima maji ndiyo inayosahaulika mara nyingi: inaandikwa kwenye malengo, halafu fedha ya maabara haipo popote, na shule inabaki bila njia ya kuthibitisha kwamba maji ya kwenye tangi yana floridi chini ya miligramu 1.5.

Kwa hiyo, katibu, kabla ya kumwandikia mtu akufanyie bajeti, kaa na kamati jioni moja. Mpime paa kwa futi kamba, mhesabu wanafunzi kwenye daftari la mahudhurio, mkubaliane mwezi wa kuanza, na msome kiambatisho cha gharama zisizokubalika kwa sauti ili kila mjumbe asikie. Mkishamaliza hayo, mwandikieni.